Mteja wa Kifaransa atakusamehe sarufi, namba hatakusamehe

Leo nataka tuongee kuhusu imeili za Kifaransa, na nina msimamo wangu ambao najua wengine hawataupenda.

Wengi wetu sasa tuna wateja wanaosoma Kifaransa. Kuna wa Lubumbashi na Bukavu, kuna wa Bujumbura, wa Moroni, na wengine wana maduka Lyon au Brussels. Kwa simu unaweza kuongea Kiswahili na Mkongo au Mrundi mkaelewana vizuri tu, lakini ikifika kwenye oda, invoisi na tarehe ya mzigo, karatasi inakuwa ya Kifaransa. Hapo ndipo muuzaji anaanza kutetemeka. Anahangaika saa nzima: hapa ni "le" au "la"? Kitenzi nimekiandika sawa?

Mimi nasema hofu hiyo tumeiweka mahali pasipo pake. Ukikosea "le" na "la", mteja anatabasamu, anaelewa, anaendelea. Sentensi iliyokosewa inajionyesha yenyewe. Namba iliyokosewa haijionyeshi. Inakaa pale imenyooka, inaonekana nzuri, na mteja anaisoma kwa utaratibu wa kwao, wewe umeiandika kwa utaratibu wa kwetu, na hakuna anayeshtuka mpaka hela au mzigo ufike. Kwa hiyo kama una saa moja tu ya kujifunza Kifaransa cha biashara, usiitumie kwenye vitenzi. Itumie kwenye namba.

Kosa linaloonekana na kosa lisiloonekana

Kuna wanaosema, "Mteja si mjinga, ataelewa tu." Ni kweli, lakini nusu tu.

Tuseme unauza vikapu 120 vya ukili na umeandika jumla "1,500 euros" kama tunavyoandika huku. Kwa Kifaransa hiyo inasomeka euro moja na nusu. Mteja anajua hakuna vikapu 120 vya euro moja na nusu, kwa hiyo anabahatisha kwamba ulimaanisha elfu moja na mia tano, au anakuuliza. Kosa hilo limejifichua lenyewe kwa sababu maana moja kati ya hizo mbili haiwezekani.

Sasa chukua mfano mwingine. Mteja wa Ufaransa anakuandikia anataka korosho:

```
Je voudrais 1,250 kg de noix de cajou.
```

Kwa macho yetu hiyo ni tani moja na robo. Unaanza kupiga simu Mtwara, unauliza bei ya jumla, unatafuta wa kukukopesha mtaji. Kumbe mwenzako anataka kilo moja na robo aonje kwanza. Maana zote mbili zinawezekana kabisa. Mtu anaweza kuagiza tani, na mtu anaweza kuagiza sampuli. Hilo ndilo kosa la hatari, na ndilo la kujilinda nalo. Penye maana mbili zinazowezekana, akili ya mteja haitakusaidia. Angetaka tani moja na robo angeandika hivi, kwa nafasi bila koma:

```
1 250 kg
```

Koma na nafasi

Sisi tumefundishwa shuleni kwamba koma inatenganisha maelfu na nukta inatangulia desimali: 1,842.80. Kifaransa kinafanya vingine. Koma ndiyo ya desimali, na maelfu yanatenganishwa kwa nafasi. Alama ya pesa inakuja mwisho, baada ya namba, na kabla yake kuna nafasi:

```
1 842,80 €
```

Shika kanuni moja hapa: kwenye Kifaransa kinachofuata koma ni sehemu ndogo ya kitu, hata kikiwa na tarakimu tatu. Tarakimu tatu ndizo zinazotudanganya, maana jicho letu likiona koma na tarakimu tatu linasema "elfu" papo hapo. Kuna mfano ambao kila anayefanya biashara na Afrika Magharibi au ya Kati atakutana nao. Faranga ya CFA imefungwa kwa euro kwa kiwango kisichobadilika, na kiwango hicho kinaandikwa hivi:

```
1 € = 655,957 FCFA
```

Hiyo ni faranga mia sita hamsini na tano na kitu, wala si laki sita. Faranga ya Komoro nayo imefungwa kwa euro, na yenyewe ni 491,96775. Ukiwa na mteja wa Moroni, koma hiyo utaiona mara nyingi.

Kwenye kuandika, mimi nimejiwekea mambo matatu. La kwanza, kwenye imeili ya Kifaransa siweki koma kwenye maelfu hata siku moja, na nukta siiweki kabisa ndani ya namba. La pili, bei yenye senti naiandika kwa tarakimu mbili baada ya koma: 12,50 €, si 12,5 €. La tatu, ile alama yetu ya /= naiacha nyumbani. Kwetu "15,000/=" inaeleweka mpaka sokoni, lakini msomaji wa Kifaransa haimwambii kitu.

Na tukiwa kwenye pesa, neno "franc" peke yake halitoshi. Kongo wana faranga yao, Burundi yao, Rwanda yao, Komoro yao, na CFA ni nyingine tena, na thamani zake zinapishana sana. Andika kifupi cha sarafu: CDF kwa Kongo, BIF kwa Burundi, RWF kwa Rwanda, KMF kwa Komoro. Kama mnaelewana kwa dola, andika USD badala ya alama peke yake.

Tahadhari moja kwenye kusoma: si kila anayeandika Kifaransa anafuata njia hii moja kwa moja. Utaona Wabelgiji na watu wengine wakiweka nukta kwenye maelfu, yaani 1.842,80. Waswisi wao kwenye pesa huandika nukta kabla ya senti, kwa mfano CHF 12.50. Ukikutana na namba yenye alama zote mbili, angalia ya mwisho kulia: hiyo ndiyo ya desimali. Ukikutana na yenye alama moja na tarakimu tatu, na maana zote mbili zinawezekana, usibahatishe. Uliza. Swali moja la imeili ni bure.

Namba iliyokatika katikati

Hili wachache wanalijua, na linauma. Kwa kuwa maelfu yanatenganishwa kwa nafasi, simu au kompyuta inadhani pale ni mahali pa kukatia mstari, kama kati ya neno na neno. Umeandika sentensi ndefu, na mteja anaisoma kwenye simu yenye kioo chembamba. Anachoona ni hiki:

```
Le montant total de la commande est de 1
842,80 €
```

Ile 1 imebaki juu mwisho wa mstari, na chini kuna 842,80 € imekaa kama jumla kamili. Mteja mwenye haraka analipa mia nane arobaini na mbili. Hajakuibia, amelipa alichosoma. Na angalia: 842,80 ni bei inayowezekana kabisa, kwa hiyo hakuna kitakachomshtua.

Kwenye kompyuta kuna nafasi maalumu isiyokatika. Kwenye Word ni Ctrl+Shift+Space, kwenye Mac ni Option+Space. Lakini wengi wetu tunaandikia simu, kwa hiyo njia yangu ni rahisi zaidi: kila kiasi cha pesa nakipa mstari wake mfupi. Sikitumbukizi katikati ya sentensi. Mstari ukiwa mfupi, hauna pa kukatika.

Tarehe: adui si Mfaransa, ni kompyuta yako

Kwenye tarehe tuna bahati. Sisi tunaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, na wao vilevile. 05/06/2026 kwetu na kwao ni tarehe tano Juni. Sasa shida inatoka wapi?

Inatoka kwenye simu na kompyuta zetu, ambazo nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani tangu tulipozinunua. Mmarekani anaanza na mwezi. Ukiandika 05/06/2026 kwenye Excel iliyowekwa hivyo, yenyewe inahifadhi tarehe sita Mei. Wewe huoni tofauti, kwa sababu kwenye kioo tano bado inatangulia sita kama ulivyoandika. Unamtumia mteja faili, anafungua kwenye kompyuta ya Kifaransa, na mara nyingi inamtokea 06/05/2026. Mwezi mzima umepotea na hakuna aliyegusa kitu.

Unaweza kuligundua hili kabla ya kutuma. Andika tarehe yenye siku inayozidi 12, kwa mfano 13/06/2026. Kompyuta ya Kimarekani itatafuta mwezi wa kumi na tatu, itaukosa, na itaiacha kama maandishi ya kawaida. Maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku, tarehe halisi hukaa kulia. Ukiona kwenye safu yako tarehe nyingine zimelala kushoto na nyingine kulia, ujue za kulia zimegeuzwa.

Dawa ya imeili ni moja: mwezi andika kwa maneno, na tangulizia jina la siku. Hivi:

```
mardi 12 mai 2026
vendredi 5 juin 2026
```

Jina la siku ni mlinzi wako. Tarehe 5 Juni 2026 ni Ijumaa, tarehe 6 Mei 2026 ni Jumatano. Ukikosea moja, nyingine itapiga kelele, na mteja atauliza. Umeligeuza kosa lisiloonekana kuwa kosa linaloonekana.

Siku na mwezi kwa Kifaransa huanza na herufi ndogo, na hakuna koma kabla ya mwaka. Tarehe mosi peke yake ndiyo yenye mtindo wake, 1er juin, lakini kuanzia mbili unaandika namba tupu: 2 juin, 3 juin. Mwezi usiufupishe, hasa juin na juillet, maana herufi tatu za mwanzo ni zilezile. Alama za juu kwenye février, août na décembre zinapatikana kwenye simu kwa kubonyeza herufi na kuishikilia kidogo.

Ukiweka tarehe ya mwisho ya kulipa, tumia "au plus tard le", maana yake "isizidi tarehe". "Avant le 5 juin" ni "kabla ya tarehe 5", na mtu anaweza kubishana kama tarehe 5 yenyewe imo au haimo. Mabishano ya aina hiyo huyataki siku ya kudai hela.

Saa: hapa Kiswahili chenyewe kinatutega

Kwenye barua za Kifaransa saa zinahesabiwa 24. Herufi h inakaa kati ya saa na dakika: 14 h 30. Wengi huandika 14h30 bila nafasi, na hakuna atakayekulaumu. Zile am na pm hawazitumii. Ukiandika "2 h" ukimaanisha baada ya chakula cha mchana, umeandika saa nane ya usiku wa manane.

Sisi tuna mtego wa pili, kwa sababu saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kichwani unafikiri "saa nane mchana", mkono unaandika 8 h, na mteja anasubiri simu yako saa mbili asubuhi. Tena 8 h ni muda wa kawaida kabisa wa kazi, hatashangaa hata kidogo. Ni kosa lilelile la korosho.

Hesabu yake ni hii. Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, jumlisha 6. Saa 3 asubuhi ni 9 h, saa 8 mchana ni 14 h, saa 12 jioni ni 18 h. Kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku, jumlisha 18, kwa hiyo saa 2 usiku ni 20 h. Saa 6 usiku ni 0 h, na hapo tarehe yao inageuka. Kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa 6: saa 11 alfajiri ni 5 h.

Hapo kwenye kugeuka kwa tarehe pana jambo. Mswahili akisema "usiku wa Ijumaa", wazee wengine wanaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Kwa Mfaransa Ijumaa inaanza 0 h na kuisha usiku wake. Na ukimwandikia "vendredi à minuit", naye anaweza kujiuliza ni usiku gani. Kama ofa yako inafungwa Ijumaa usiku, andika 23 h 59. Hiyo haina mabishano.

Halafu kuna saa ya nani. Dar, Nairobi na Moroni saa ni moja. Lubumbashi, Goma, Bukavu na Bujumbura wako nyuma yetu saa moja, Kinshasa nyuma saa mbili. Ufaransa na Ubelgiji wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka: wako nyuma yetu saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 Jumapili hizo ni 29 Machi na 25 Oktoba. Kwa hiyo andika mji pembeni ya saa:

```
mercredi 6 mai 2026 à 14 h (heure de Paris)
```

Hiyo kwa Dar ni 15 h, yaani saa tisa mchana. Ingekuwa Desemba, 14 h ileile ya Paris ingekuwa saa kumi kwetu. Mimi naandika saa ya mteja kwenye imeili, na ya kwangu naiandika kwenye daftari langu. Anayeuza ndiye anayebeba kazi ya kugeuza.

Oda moja kutoka mwanzo mpaka mwisho

Turudi kwenye vikapu vyetu. Mwenye duka Lyon anataka vikapu 120, kila kimoja euro kumi na mbili na nusu. Hiyo ni euro 1,500. Usafiri ni euro 342 na senti 80. Jumla 1,842 na senti 80. Mmekubaliana advansi nusu, yaani 921 na senti 40. Mzigo unaondoka Dar Jumanne tarehe 12 Mei 2026, na salio lilipwe isizidi Ijumaa tarehe 5 Juni. Jumatano tarehe 6 Mei mtaonana kwa video aone vikapu kabla havijafungwa.

Sehemu ya namba kwenye imeili inakuwa hivi:

```
120 paniers à 12,50 €
Sous-total : 1 500,00 €
Transport : 342,80 €
Total : 1 842,80 €
Acompte (50 %) : 921,40 €

Appel vidéo : mercredi 6 mai 2026
à 14 h (heure de Paris)
Départ de Dar es Salaam : mardi 12 mai 2026
Solde : au plus tard le vendredi 5 juin 2026
```

Hebu iangalie. Ina vitenzi? Hakuna hata kimoja. "Acompte" ni advansi, "solde" ni salio, "départ" ni kuondoka. Hata alama ya asilimia imetanguliwa na nafasi, kama alama ya euro. Juu yake andika salamu yako, Kifaransa chako kiwe kibovu unavyotaka. Sehemu hii ikiwa safi, oda yako ni salama.

Kwenye jumla naongeza kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wa Kifaransa wamekizoea chini ya invoisi: kiasi kwa maneno.

```
mille huit cent quarante-deux euros
et quatre-vingts centimes
```

Koma ikitoroka au mstari ukikatika, maneno yanabaki. Na ukithibitisha kwa simu, kumbuka kwamba Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Mbelgiji husema "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini, wakati Mfaransa wa Lyon anasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Namba ni zilezile.

Kwa wanaosema "nao wajifunze za kwetu"

Nimesikia hoja hii mara nyingi. Wao ndio wanataka bidhaa, kwa nini sisi tugeuze? Jibu langu ni la kibiashara tu. Namba ikieleweka vibaya, aliyetuma mzigo ndiye anayesubiri hela.

Wengine wanasema ni bora kuandika kila kitu kwa Kiingereza. Sina ugomvi na hilo. Kama mteja anakubali Kiingereza, andika maneno ya Kiingereza na namba za Kiingereza, moja kwa moja mpaka mwisho. Ninachokataa ni mchanganyiko: imeili ya Kifaransa yenye 1 842,80 €, halafu umeambatanisha invoisi iliyotoka kwenye programu yako ikiwa na 1,842.80. Hapo umempa mteja mifumo miwili na umemwachia achague. Hata akichagua sawa, akinakili 12.50 yako kwenye jedwali lake la Kifaransa, mara nyingi kompyuta yake itaichukua kama maandishi, na jumla yake haitaihesabu. Ataanza kukushuku kwamba hesabu zako hazifungi.

Kwa jedwali la Google Sheets, fungua File, kisha Settings, kisha kwenye Locale chagua France. Koma na tarehe zitafuata utaratibu wa Kifaransa kwenye faili hilo zima, bila kugusa simu yako wala mafaili yako mengine. Tengeneza faili moja la invoisi za Kifaransa, litumie hilohilo kila mara.

Mpaka wa haya yote ni sehemu zile unazojaza wewe kwenye mtandao, kama kisanduku cha bei dukani au cha kutuma pesa. Kule mtandao ndio unaoamua. Vingine vinakubali nukta tu, vingine koma, vingine vinafuta alama usiyoijua na 12,50 inageuka 1250. Jaza, kisha soma kiasi kinachoonyeshwa kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Na kabla ya kutuma imeili yenyewe, isome mara moja ukiruka maneno yote. Soma namba tu, kwa kila moja ujiulize: je, kuna maana nyingine inayowezekana hapa? Ikiwepo, ongeza jina la siku, mji wa saa, kifupi cha sarafu, au maneno. Ikiwa haipo, tuma.